Pikipiki ya mpwa wangu na fatwa ya Dublin

Mpwa wangu alikuja Kisenyi Jumatano moja baada ya Alasiri, karatasi nne za mkataba wa kampuni inayotoa pikipiki kwa awamu zimekunjwa ndani ya kofia yake. Mimi nafanya kazi ya kuandika hesabu katika ghala la nafaka, na kwa kuwa najua kusoma mikataba kidogo, watu wa nyumbani wameniona wakili wa bure. Akanipa zile karatasi, akaniambia, "Mjomba, wewe nisomee tu faini ni kiasi gani. Mengine nimeshayajua. Na hii riba isikusumbue, sisi huku tuna ruhusa."

Nikamuuliza ruhusa ya nani. Akatoa simu, akanionyesha video ya dakika mbili: mtu mwenye ndevu za kupendeza anasema kwamba wanachuoni wa Ulaya wamehalalisha mkopo wa benki kwa Waislamu wanaoishi katika nchi zisizo za Kiislamu, kwa sababu wao ni wachache na wana fiqhi yao, yaani sheria ya dini inavyoeleweka kwa hali yao. Na Uganda je, si nchi isiyo ya Kiislamu? Sisi je, si wachache? Basi.

Nimeisikia hoja hii mara nyingi mno, Kampala na Jinja, kwa watu wa stegi za bodaboda na kwa watu wa ofisini, na kila mara naona watu wanarukia ruhusa bila kuuliza ilitolewa kwa nani na juu ya nini. Kwa hiyo nieleze kwanza hiyo fatwa, kisha nirudi kwenye zile karatasi nne, maana mambo yenyewe yalikuwa huko.

Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti lilianzishwa mwaka 1997, na Oktoba 1999 lilikutana Dublin likajadili swali moja: Mwislamu wa Ulaya asiye na nyumba, ambaye hakuna wa kumuuzia isipokuwa kwa mkopo wa benki wenye riba, afanyeje? Wengi wa wajumbe walijibu kwamba anaruhusiwa, na baadhi hawakukubali. Lakini hata hao walioruhusu walianza kwa kusema riba ni haramu, wakawataka Waislamu watafute njia nyingine kwanza, kama murabaha, ambapo benki inanunua nyumba kisha inamuuzia mteja kwa bei ya juu inayojulikana. Ikikosekana, ndipo wakaruhusu, kwa masharti: iwe ni nyumba ya kukaa yeye na familia yake, asiwe na nyumba nyingine ya kumtosha, na asiwe na mali ya ziada ya kumwezesha kununua bila mkopo.

Hoja yao ya kwanza ilikuwa kanuni inayojulikana madrasani, kwamba haja ya watu wengi inaweza kupewa hukumu ya dharura. Ya pili waliichukua kwa Imamu Abu Hanifa na mwanafunzi wake Muhammad bin Hasan, wasioona riba kati ya Mwislamu na kafiri wa vita katika nchi ya vita, yaani nchi ya makafiri isiyo na amani na Waislamu. Hii ya pili ndiyo watu wa video wanaipenda, na ndiyo yenye matatizo. Abu Yusuf, mwanafunzi mkubwa wa Abu Hanifa, aliikataa. Maimamu wengine watatu waliikataa. Na ndani ya Hanafi wenyewe, wafuasi wa madhehebu ya Abu Hanifa, Ibn al-Humam alitanabahisha kwamba maneno hayo yana maana pale Mwislamu anapoipokea ziada, si pale anapoilipa. Anayekopa benki ndiye anayelipa ziada. Watetezi wa fatwa wakajibu kwamba mwenye kununua nyumba kwa mkopo anatoa kila mwezi kiasi kama cha kodi, na mwishowe nyumba ni yake, kwa hiyo faida ni ya Mwislamu. Jibu hilo linasikika kwa nyumba ya Ulaya. Kwa pikipiki ya biashara mjini Kampala, sijui utalining'iniza wapi.

Tena kuna jambo linalonichekesha kidogo. Ukitaka kuitumia hoja hiyo hapa, lazima kwanza useme Uganda ni nchi ya vita. Mji huu ambao adhana inatoka juu ya kilima cha Old Kampala na kusikika hadi stendi ya mabasi. Nchi ambayo Idi zote mbili ni sikukuu za serikali, na ambayo ni mwanachama wa Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu tangu mwaka 1974. Al-Mawardi, mwanachuoni wa madhehebu ya Shafi aliyefariki karibu miaka elfu moja iliyopita, alisema Mwislamu akiweza kuidhihirisha dini yake katika nchi ya makafiri, nchi hiyo kwa ajili yake imekuwa nyumba ya Uislamu, na kubaki kwake hapo ni bora kuliko kuhama. Sisi wengi huku ni Shafi. Kitabu chetu kinatuambia tuko nyumbani, na sisi tunatafuta kuwa vitani ili tupate mkopo!

Nikamwambia mpwa wangu: fatwa yako ni ya nyumba ya kulala, ya mtu asiye na njia nyingine. Wewe unataka chombo cha kazi, na njia nyingine zipo. Bunge la Uganda lilibadilisha sheria ya mabenki mwaka 2016 likaruhusu benki za Kiislamu, na ya kwanza ikapata leseni mwaka 2023. Kilichoruhusiwa kwa udhuru huondoka udhuru ukiondoka. Akaninyamazia. Kisha akasema, "Mjomba, mimi nataka pikipiki kabla ya Ijumaa."

Tukafungua karatasi.

Pikipiki kwa pesa taslimu ilikuwa shilingi 6,000,000. Kampuni ilitaka malipo ya kwanza ya 1,000,000, kisha 110,000 kila wiki kwa wiki 78. Ukijumlisha unapata 9,580,000. Yeye alidhani hapo ndipo penye haramu, katika hiyo tofauti ya milioni tatu na nusu, na ndiyo maana alikuja na fatwa yake kama kinga. Lakini hapo hapana haramu kwa asili. Muuzaji akiwa na kitu chake, anaweza kukuuzia kwa sita taslimu au kwa tisa na nusu kwa awamu, mradi mkubaliane bei moja kabla ya kuachana na ibaki hiyohiyo. Jopo la Kimataifa la Fiqhi la Jedda, ambalo ni chombo cha jumuiya ileile ambayo Uganda ni mwanachama, lilisema hivyo wazi katika azimio lake la 51 la mwaka 1990. Hukumu hiyo ni ya Makka na ni ya Kampala, haihitaji uchache wa mtu yeyote.

Haramu ilikuwa imejificha kurasa za nyuma, ambazo yeye hakuwa amefika.

Kwanza faini. Ukichelewa kulipa wiki moja, unatozwa 10,000 kwa kila siku. Yaani deni la 110,000 likichelewa siku kumi, limekuwa 210,000. Hii ndiyo riba yenyewe, ile ya zama za ujahiliya ya kumwambia mdaiwa "lipa au uongeze", na azimio lilelile la 51 linasema mnunuzi akichelewa haijuzu kumtoza nyongeza juu ya deni, iwe iliandikwa kwenye mkataba au haikuandikwa.

Pili, jina la mkataba. Juu uliandikwa kwamba ni wa kukodisha, na pikipiki ni mali ya kampuni mpaka malipo ya mwisho. Sawa, kukodisha kunakoishia kwenye umiliki kunajulikana, na jopo hilo lililijadili mwaka 2000 katika azimio la 110. Lakini sharti mojawapo ni kwamba mwenye mali abebe hatari ya mali yake. Pikipiki ikiibiwa bila uzembe wa mpangaji, hasara ni ya mwenyewe, kama vile nyumba ya kupanga ikianguka. Karatasi hii ilisema ikiibiwa siku yoyote, mpandaji ataendelea kulipa mpaka wiki ya 78. Kampuni ilitaka haki za mwenye nyumba na usalama wa aliyekwisha kuuza.

Tatu ndilo lililonifanya niiweke kalamu chini. Ukikosa wiki tatu, wanachukua pikipiki, na ulichokwisha kulipa hakirudi.

Nikamfanyia hesabu nyuma ya stakabadhi ya mahindi. Tuseme umelipa mpaka wiki ya 60, ukavunjika mguu. Umeshatoa 1,000,000 na 6,600,000, jumla 7,600,000. Umebakiwa na deni la 1,980,000. Wanaichukua pikipiki, wanaiuza kwa mtu mwingine, tuseme kwa 3,500,000. Kwa karatasi hii, wewe umetoka na magongo tu. Kwa fiqhi, pikipiki ingekuwa rahani: muuzaji anaiuza, anachukua 1,980,000 yake, na 1,520,000 iliyobaki anakurudishia. Kuna hadithi juu ya jambo hili, kwamba rahani haizuiliwi mwenye mali akaikosa. Faida yake ni ya mwenye mali na hasara yake ni juu ya mwenye mali. Ilikuwa desturi ya Waarabu kabla ya Uislamu kuichukua rahani yote deni lisipolipwa kwa wakati, na ikapigwa marufuku.

Akaitazama ile 1,520,000 muda mrefu. Nadhani ilimwingia kuliko maneno yote ya Dublin.

Siku ya pili tulikwenda kwa Maalim, ambaye alinisomesha mimi na akawasomesha wajomba zangu. Nilitaka kumwuliza kuhusu rahani. Azimio la 51 linasema muuzaji hana haki ya kubaki na umiliki wa kitu baada ya kukiuza, ila anaweza kushurutisha kitu hichohicho kiwekwe rahani mpaka amalizwe kulipwa. Nikaona tumeshamaliza. Maalim akatikisa kichwa.

"Hayo si madhehebu yetu, mwanangu. Kwa Shafi, ukimuuzia mtu kitu kwa sharti kwamba kitu hichohicho kiwe rahani ya bei yake, biashara imeharibika. Anawekaje rahani kitu ambacho bado hajakimiliki?"

Nikamwambia wenzetu wa Hanbali wanaruhusu. Akasema anajua, na kwamba mtu wa kawaida akifuata fatwa ya Jedda hatamlaumu. Ila hakuona haja ya kuvuka mto mahali ambapo daraja lipo. Daraja lenyewe ni hili: mkataba wa kuuza uwe peke yake, hauna neno la rahani. Muuzaji akabidhi pikipiki, mnunuzi aipokee mkononi. Ikishakuwa yake, aiweke rahani kwa karatasi ya pili. Rahani kwa Shafi hufungika kwa kukabidhiwa, lakini ikishakabidhiwa, mwenye kudai anaweza kumrudishia mwenye mali aitumie, naye akaenda kupakia abiria.

Nikamwuliza, na kijana akishapokea pikipiki akakataa kuiweka rahani? "Basi hapo mwenye duka atakuwa amemjua mtu wake mapema," akasema, akaagiza chai.

Hapo ndipo naona kazi halisi ya fiqhi ya walio wachache katika nchi kama yetu, na si pale watu wanapoitafuta. Sheikh Taha Jabir al-Alwani na Sheikh Yusuf al-Qaradawi walipoipa jina miaka ya tisini, wapinzani kama Sheikh al-Buti wa Sham walihofia itakuwa Uislamu wa pili, mwepesi, wa wasafiri. Hofu hiyo naielewa kila ninapoonyeshwa video ya dakika mbili. Lakini swali letu hapa Uganda mara nyingi si kipi kimelegezwa. Swali ni nani atakusimamia ukidhulumiwa. Katiba ya mwaka 1995, ibara ya 129, inataja mahakama za kadhi, na hata hapo ni kwa ndoa, talaka, mirathi na ulezi wa watoto. Biashara haimo. Ukienda mahakamani na mkataba wa kukodisha ulioutia saini, hakimu atausoma kama ulivyoandikwa, na hatakuuliza madhehebu yako. Kwa upande mwingine, sheria ya Uganda haikulazimishi kuandika faini wala haikukatazi kuandika rahani. Watu wawili wakikubaliana jambo lisilo kinyume cha sheria, wameliandika, limewafunga. Kwa hiyo fiqhi isipoingia ndani ya karatasi siku ya kutia saini, imebaki nje.

Na karatasi ni lazima. Sheria ya mikataba ya mwaka 2010 inataka mkataba wa thamani inayozidi shilingi 500,000 uwe wa maandishi. Maalim alipolisikia hilo alicheka, akasoma aya ndefu kuliko zote katika Kur'ani, ile ya Suratul Baqara inayoamrisha deni la muda liandikwe.

Kampuni hatukurudi. Tulimpata mzee mmoja Mkristo mwenye duka la pikipiki, anayemfahamu marehemu shemeji yangu. Mpwa wangu aliuliza njiani kama inafaa kuweka rahani kwa asiye Mwislamu. Mtume, rehema na amani zimshukie, alifariki deraya yake ikiwa rahani kwa Myahudi kwa pishi thelathini za shayiri. Swali likaishia hapo.

Mzee hakuwa na tatizo na rahani. Tatizo lake lilikuwa faini. "Nisipoweka faini, huyu kijana atanilipa nini?" Hofu ya haki. Tukamwambia, hatari yako iweke kwenye bei, leo, mara moja. Akafikiri, akapiga kikokotoo, akasema 9,700,000. Hiyo ni 120,000 zaidi ya kampuni. Malipo ya kwanza 1,000,000, iliyobaki 8,700,000 kwa wiki 75, kila wiki 116,000. Nyongeza ya kuchelewa hakuna. Badala yake tukaandika kwamba akikosa wiki nne mfululizo bila udhuru, deni lote lililobaki linadaiwa papo hapo. Hilo azimio la 51 linaliruhusu likikubaliwa mwanzoni. Na mwenye udhuru wa kweli, kama ugonjwa, anapewa muda, maana Kur'ani inasema mdaiwa mwenye dhiki angojewe mpaka apate wepesi.

Mpwa wangu alikasirikia ile 120,000. Lakini lililomuuma zaidi ni la wizi. Kwa mkataba wa kuuza, pikipiki ni yake tangu anapokabidhiwa, na ikiibiwa wiki ya tano, anabaki na deni. Alidhani fiqhi itamtoa hapo pia. Haimtoi. Mwenye kula faida ndiye mwenye kubeba hasara, na kanuni hiyo haichagui tajiri wala maskini. Akanunua minyororo miwili. Bima ya lazima ya barabarani alilipa kama sheria inavyotaka, na wanachuoni wengi hawamlaumu mtu kwa bima aliyolazimishwa na serikali.

Tulitia saini mezani kwa mzee, karatasi mbili. Ya kwanza ya kuuza. Kisha mpwa wangu akatoka nje, akaipanda pikipiki, akazunguka duka mara moja, akarudi. Maalim alikuwa amesisitiza hilo la kuzunguka, ili makabidhiano yaonekane kwa macho. Ndipo akatia saini ya pili, ya rahani, akamkabidhi mzee ufunguo na pikipiki, na mzee akamrudishia kwa kazi. Logibuku, hati ya umiliki wa pikipiki, inatoka kwa jina la kijana, lakini inakaa kabatini kwa mzee. Tangu mwaka 2019 kuna sheria ya dhamana juu ya mali inayohamishika, na mwenye kudai anaweza kusajili haki yake serikalini ili mtu mwingine asinunue kitu hicho gizani. Mzee alituma mwanawe akafanye hivyo wiki ileile.

Sasa tuko wiki ya 23. Wiki ya 14 na ya 15 hakulipa, malaria ilimlaza. Mzee alinipigia simu mimi, akanung'unika kwa heshima, nikampelekea karatasi ya zahanati, akangoja. Kwa karatasi ya kampuni, wiki hizo mbili peke yake zingekuwa zimeshazaa faini ya zaidi ya laki mbili kabla hajainuka kitandani.

Maalim hajaridhika kabisa. Anasema karatasi mbili mezani pamoja, siku moja, kila mtu akijua ya pili inakuja, inakaribia sana kuwa sharti lenye kanzu. Tungengoja angalau mpaka kesho yake. Mimi namwambia mzee asingetoa pikipiki kwa kungoja kesho. Tumebishana juu ya hilo mara tatu, na mara zote chai nimelipa mimi.

Wiki iliyopita yule mzee wa duka alinipigia tena. Ana mteja mwingine, kijana wa kanisani kwao, anataka pikipiki kwa awamu. Aliniomba nimtumie ile karatasi yetu, ila ule mstari wa Bismillahi juu niutoe.